Kamba Kabla ya Jina

Syokau alikuwa na kiti chake, na kiti hicho kilikuwa mlangoni. Popote gari la mradi wa maji lilipopeleka televisheni, iwe darasani au kanisani, wenzake walikaa mbele na wageni. Yeye alivuta kiti hadi mlangoni, akaweka daftari magotini na kuhesabu wanaotoka. Waliomwona walidhani ni mama mwenye kiburi asiyependa kubanana na watu. Hawakujua kwamba sauti ya mwanamke iliyotoka ndani ya televisheni ilikuwa yake, na kwamba kila aliyeinuka kwenda zake alikuwa anainuka mbele ya uso wake.

Mwaka huo wa elfu moja mia tisa tisini na nne alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Hakuwa na mume wala mtoto. Alipanga chumba kimoja mjini Wote, nyuma ya ofisi ya mradi, chenye kitanda, jiko la makaa na rafu ya kanda. Zamani alifundisha shule ya msingi bila cheti. Mradi ulipotafuta mtu wa kusoma maelezo ya filamu kwa Kikamba safi alikwenda akajaribiwa, na tangu hapo kazi zikamwangukia moja baada ya nyingine: kusoma, kuandika, kupiga picha, kuunganisha. Kwao kulikuwa Kathonzweni, mwendo wa asubuhi moja tu, lakini nyumbani alikwenda Krismasi na kwenye mazishi tu. Huko alimpikia mama yake chai, wakaongea juu ya mbaazi na mvua, jioni akarudi. Watu wa nyumba moja wanaweza kuishi hivyo miaka mingi, na jirani asijue kuna kitu kimekaa katikati yao.

Aibu kubwa ilimpata Mbooni. Walikuwa na filamu ya matuta ya kuzuia udongo, filamu nzuri, miezi minne ya kazi. Darasa lilijaa watu mia na kumi na wawili, madirisha yamezibwa kwa blanketi, jenereta inanguruma nyuma ya choo. Filamu ikaanza kama zilivyoanza zote: jina la filamu, kisha Jonah, mratibu wa mradi, amesimama mbele ya bendera akishukuru. Akawashukuru wafadhili, na mkuu wa wilaya, na chifu, na kamati ya kanisa, na kamati ya kamati. Dakika sita. Shukrani zilipokwisha Syokau alikuwa amehesabu hamsini na wawili waliopita mlangoni, wakiinama kwa heshima kama wanaotoka msibani. Waliobaki wengi walikuwa watoto, na watoto hawana matuta.

"Mwalimu," dereva alimwambia walipokuwa wanakunja nyaya, "hawa watu hawajakataa filamu. Wamekataa mlango wake."

Dereva huyo aliitwa Daud Hersi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi aliyehamia Mwingi kutoka kaskazini mashariki, na Daud aliongea Kikamba kama aliyezaliwa nacho, kwa sababu alizaliwa nacho. Yeye ndiye aliyemwonyesha Syokau shule yenyewe. Jumatatu moja, siku ya soko Kathonzweni, alimpeleka hadi kwenye duara la watu. Katikati kulikuwa na muuza dawa za mitishamba na sanduku la mbao lenye kufuli. Yule bwana hakusema lolote juu ya dawa. Aligonga sanduku mara mbili kwa fimbo, akaweka sikio, akaruka nyuma. "Bado," akasema. "Amelala. Akiamka nitafungua." Kisha ndipo akaanza habari za tumbo na mgongo, na kila watu walipoanza kulegea, aligonga tena.

Syokau alisimama saa nzima juani. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hiyo aliwaona wahenga wamekosea kidogo. Hata chema kinahitaji mtu wa kugonga sanduku.

"Umeona?" Daud akauliza. "Anakupa swali kabla hajakuambia jina lake."

"Na ndani kuna nini?"

"Chatu mdogo. Lakini sikiza, Mwalimu. Huyu hufungua. Kila Jumatatu, mwisho, lazima afungue. Kuna mwingine alikuja hapa, akagonga, akauza, akaenda na sanduku lake. Jumatatu ya pili alipata duara la mbuzi peke yao."

Syokau alicheka, akaandika daftarini: *swali kwanza, jina baadaye*. Habari ya kufungua hakuiandika. Aliona ni mzaha wa Daud.

Filamu iliyofuata ilihusu visima. Wakati wa kiangazi watu wa huko huchimba mashimo kwenye mchanga wa mto mkavu kufuata maji, na kadiri jua linavyozidi shimo linazidi, hadi urefu wa watu wawili au watatu. Mchanga hauna urafiki. Ukichoka kusimama, unalala. Mradi ulitaka kufundisha kujenga visima vya pete za saruji zinazozuia mchanga, na kufunika juu. Jonah alikuwa amesema waziwazi kwamba wakubwa wa Nairobi wanataka kuona watu wakikaa hadi mwisho, la sivyo kazi ya video ifungwe.

Siku ya kupiga picha walikwenda mto mmoja wa mchanga chini ya Ikutha. Walimkuta mama juu ya shimo na binti yake ndani. Binti alijaza debe, mama akavuta. Kiunoni mwa binti kulikuwa na kamba ya pili, na ncha yake mama ameizungushia mkono wa kushoto, kama inavyotakiwa: mchanga ukianza kumomonyoka, wa juu anavuta mara moja, hangoji kuitwa. Syokau alielekeza kamera kwa mama, kisha kwa debe, kisha mkono wake mwenyewe ukaipeleka kwenye ile kamba, pale inapopita juu ya ukingo na kupotea ndani. Kamba ilikuwa inacheza. Inakazwa, inalegea, inasugua mchanga na kutoa sauti kama mtu anayenong'ona. Alibaki hapo dakika mbili nzima. Daud alidhani kamera imekwama.

Haikuwa imekwama. Syokau alikuwa amerudi mwaka wa sabini na tano.

Ukame wa mwaka ule ulimaliza ng'ombe na kuingia kwa watu. Yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili, mdogo wake Ndinda kumi na saba, na waliazima punda wa jirani kwenda kuteka maji. Ndinda aliingia shimoni kwa kuwa alikuwa mwembamba. Syokau alishika kamba. Punda akakata mshipi na kuanza kutembea. Syokau akamwita, punda wa watu hasikii jina geni, akazidi kwenda. Basi Syokau akaiweka kamba chini, akamfuata. Hatua hamsini, labda sitini. Hakumpata. Aliporudi hapakuwa na shimo. Palikuwa na bonde dogo laini, na ncha ya kamba juu yake.

Alipiga mayowe, watu wakaja, wakachimba kwa mikono hadi saa nane. Walipomuuliza ilikuwaje alisema alikuwa ameshika, mchanga ulikuja ghafla, kamba ikamponyoka. Maneno yale yalitoka yenyewe. Kila mtu akamwambia pole, si kosa lako. Akalia zaidi kwa pole zile kuliko kwa kifo chenyewe, maana hazikuwa zake. Tangu siku ile jina la Ndinda halikutajwa nyumbani. Mama yake aliacha kulitaja, naye akashukuru kimoyomoyo. Hivyo ndivyo alivyojipatia chumba kimoja Wote, na kiti cha mlangoni.

Sasa aliketi ofisini na picha za kamba, na kwa kazi aliyoifahamu aliona wazi kwamba hapo ndipo filamu inapaswa kuanzia. Kabla ya jina, kabla ya Jonah, kabla ya wimbo.

Kazi ile ilifanywa kwa deki mbili, mashine za kanda za video, moja inacheza, nyingine inarekodi. Hakuna kukata kanda na mkasi. Unanakili kipande cha kwanza, unasimamisha, unatafuta cha pili, unanakili nyuma yake, hivyo hivyo hadi mwisho kama mtu anayesuka ukili. Ukishamaliza huwezi kuchomeka kitu mwanzoni bila kusuka upya wote, na ukinakili nakala picha inafifia. Kwa hiyo mwanzo lazima uujue kwanza. Alichukua kanda mpya na kujipa sekunde arobaini. Zaidi ya hapo, alijua, mtu wa kijijini ataanza kumuuliza jirani yake hii ni nini.

Akaandika maneno. La kwanza lilikuwa: *Leo tutajifunza juu ya visima salama.* Akalifuta. Hiyo ni sauti ya mwalimu, na mtu akisikia leo tutajifunza hukumbuka fimbo. La pili: *Msichana alifukiwa na mchanga kwa sababu shimo halikuwa na pete za saruji.* Ni kweli, lakini limeshajibu kila kitu. Aliyesikia anaweza kwenda nyumbani. Alilitazama muda mrefu kuliko la kwanza. Kisha akaandika la tatu, akalisoma akitazama saa, neno moja kwa sekunde, taratibu, likaenea vizuri. Yeye alilisema kwa Kikamba, lakini kwa Kiswahili lingekuwa hivi:

*Kamba hii ina watu wawili. Mmoja yuko juu, mmoja yuko chini. Asubuhi moja ya kiangazi, mmoja wao alirudi nyumbani.*

Deki yake haikuweza kubeba sauti mbili. Ukiongeza ya kwako inafuta iliyokuwapo. Mwanzoni jambo hilo lilimuudhi, kisha akaona faida yake. Sekunde kumi na tano aliiacha kamba inong'one peke yake. Alipoanza kusema, mnong'ono ukakatika kabisa, kamba ikabaki inacheza bila sauti. Baada ya neno la mwisho akaacha sekunde nne za ukimya hadi binti wa shimoni alipotulia na kamba ikalala. Hapo hapo, kabla mtazamaji hajashusha pumzi, likaja jina la filamu, herufi nyeupe alizozibandika kwenye kitambaa cha buluu: MAJI CHINI YA MCHANGA. Jonah na shukrani zake akampeleka mwisho, dakika moja na nusu. Jonah alipinga kwa siku mbili, akasema wafadhili wataona wamewekwa jikoni. Halafu aliona mwenyewe ile kamba. Akasema, "Dada Syokau, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Nimeyaandika tu," akajibu.

Ratiba ilibandikwa ukutani: kwanza Ikutha, wiki mbili baadaye Kathonzweni. Aliisoma mara tatu. Mama yake hakukosa mkutano wa kanisa hata mmoja, na kanisani ndiko filamu ingeonyeshwa. Angekaa benchi la kwanza kwa sababu ya macho yake. Ingekuwaje kamba ile ikicheza mbele ya uso wake? Syokau alijituliza kwamba maneno hayakumtaja mtu. Kamba ni kamba.

Ikutha walikuja watu tisini na saba. Syokau aliketi mlangoni na daftari. Kamba ikaanza kunong'ona na soga zikapungua. Sauti yake ikasema mmoja wao alirudi nyumbani, na mwanamume mmoja aliyekuwa ameshaweka kofia kichwani akaivua. Jina la filamu lilipokuja hakuna aliyetoka. Dakika kumi, hakuna. Dakika ishirini na tano, alitoka mama mmoja na mtoto aliyebanwa na mkojo, akarudi mbio. Syokau alisikia furaha ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka, furaha ya mtu aliyesikilizwa, akatamani kuwe na mtu wa kumgeukia na kumwonyesha ukurasa ule mtupu.

Filamu ikaisha. Jonah wa kwenye televisheni akashukuru. Daud akazima deki, akashusha blanketi za upande mmoja, jua likaingia. Watu hawakuinuka.

Walikaa tu. Mwishowe bibi mmoja wa benchi la mbele, aliyeitwa Nzilani na ambaye wote walimpa nafasi ya kuongea, akageuka nyuma.

"Visima tumeona," akasema. "Ni vizuri. Na yule wa kamba?"

Jonah akasema labda Dada Syokau, aliyetengeneza filamu, ataeleza.

"Ni wewe unaongea ndani ya hiyo kitu?" Nzilani akamtazama vizuri. "Sasa tuambie. Nani alirudi? Na yule mwingine?"

Nyuso tisini na saba zilimgeukia. Hakuwa amewahi kuulizwa, miaka kumi na tisa, na mtu yeyote aliyetaka jibu kweli.

"Ii, mwaitu," akasema, yaani ndiyo, mama, "ule ni mfano tu. Hakuna mtu. Tuliweka kuonyesha hatari."

Nzilani aliendelea kumtazama kidogo, kisha akafunga leso yake vizuri na kuinuka. "Haya," akasema. Wengine wakainuka nyuma yake. Hawakukasirika. Walitoka wakiinama, kama watu wa Mbooni.

Njiani Jonah alilala kwenye kiti cha mbele, ameridhika. Syokau alikuwa nyuma na televisheni, akiikumbatia isigonge. Daud alimtazama kwenye kioo.

"Umegonga sanduku, Mwalimu," akasema polepole ili Jonah asiamke. "Hukufungua."

"Nimekwambia ni mfano."

"Mimi nilikuwa nimesimama karibu na wewe siku ile kwa mto. Kamera haikuwa imekwama." Akabadilisha gia. "Sikuulizi. Nakuambia tu mambo ya soko."

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Asubuhi alikwenda ofisini hatua ishirini, jioni akarudi hatua ishirini, na katikati hakuna aliyemuuliza kitu. Alipika ugali wa mtu mmoja, ambao ni mgumu kupima. Siku zote unazidi. Alijua njia rahisi. Siku ya Kathonzweni angepeleka kanda mbele hadi kwenye jina la filamu, akaisimamisha hapo, na filamu ingeanza kama filamu za watu wote. Sekunde arobaini tu. Nani angejua? Mama yake angetazama pete za saruji, angesema ni kazi nzuri, wangekunywa chai.

Lakini mchana alipojaribu kuitazama filamu hivyo, bila kamba, aliiona imekufa. Ilikuwa masomo. Zaidi ya hapo aliona jambo lililomwudhi zaidi: kwamba alichokuwa anataka kukiruka si sekunde arobaini, ni Ndinda, na kwamba amekuwa akimruka kila siku tangu akiwa na miaka ishirini na miwili. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alikuwa ameisema methali hiyo darasani mara nyingi, akiwafundisha watoto wa wenzake.

Alhamisi, Jonah akiwa Machakos, alimwomba Daud awashe jenereta. Mwanzo wa kanda hakuugusa. Jibu halina haja ya kusuka upya. Linaweza kufungwa mwishoni. Akaisogeza kanda hadi pale shukrani zinapoanza, akasimamisha. Kisha akaweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akaielekeza kwenye kiti kilichokuwa wazi, akabonyeza, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Kamera ikamtazama. Alikuwa amewaambia wakulima mia kwamba wasiogope, ni kioo tu.

Alisema mara moja, hakurudia. Kisha akanakili maneno yake juu ya shukrani za Jonah, zikafutika, na shukrani akazirudisha nyuma yake zikiwa nusu dakika. Wafadhili walikuwa sasa nje ya jikoni kabisa, wako uani.

Kanisa la Kathonzweni lilijaa. Mama yake alikuja mapema na mto wake wa kukalia, akakaa benchi la kwanza, akampa binti yake mkono na kumuuliza kama Wote kumenyesha. Syokau alijibu kwamba bado. Akaenda mlangoni, akakaa, na kwa mara ya kwanza hakufungua daftari. Daud alikuwa amepiga magoti mbele ya deki. Akamtazama kwa mbali akiwa ameweka kidole juu ya kitufe, kama anayeuliza. Syokau akaitikia kwa kichwa.

Kamba ikanong'ona. Kutoka mlangoni Syokau aliona mgongo tu wa mama yake, na leso ya kichwani yenye maua ya njano. Sauti ikasema mmoja yuko juu, mmoja yuko chini. Mgongo haukusogea. Jina la filamu likaja, mafundi wa pete za saruji wakaja, mawe, mchanga, mfuniko, watu wakitikisa vichwa kukubali. Nusu saa. Hakuna aliyetoka, naye hakuhesabu.

Kisha akaja yeye mwenyewe, amekaa kwenye kiti, mikono magotini.

*Mnauliza nani alirudi. Ni mimi. Aliyekuwa chini aliitwa Ndinda, mdogo wangu, alikuwa na miaka kumi na saba. Nilisema nilikuwa nimeshika kamba. Sikuwa nimeshika. Niliiweka chini nikamfuata punda. Kama mnachimba mchangani, msiiweke chini kamba. Na kama mnaweza, jengeni pete, ili pasiwe na haja ya kamba.*

Jonah wa kwenye televisheni alishukuru, lakini hakuna aliyemsikia; Jonah wa kweli alikuwa ameshika kichwa. Watu wakaanza kutoka polepole, wanawake wawili watatu wakimgusa Syokau begani wakipita. Hakuna aliyesema si kosa lako. Akashukuru kwa hilo.

Mama yake hakutoka. Kanisa lilipobaki tupu Syokau alienda mbele, akakaa benchi lile lile, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Punda alifika nyumbani saa nne," mama yake akasema, bado anatazama kioo cheusi. "Peke yake. Madebe matupu yanagongana. Nilikuwa napepeta. Nikasema, Syokau anakuja nyuma yake. Nikangoja. Badala yako wakaja watu."

"Mwaitu. Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua umemfuata. Tangu siku hiyo."

"Na hukuniuliza. Miaka kumi na tisa."

Mama akavuta mto wake, akaugeuza, akauweka tena. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi.

"Nilikuwa nangoja useme wewe, halafu nilikuwa naomba usiseme," akasema. "Kwa sababu asubuhi ile mkitoka, mimi ndiye niliyekuambia: punda wa watu akipotea, usirudi hapa. Ungesema lako, ingenibidi niseme langu."

Syokau hakuwa amekumbuka maneno hayo hata siku moja. Ni maneno ya kila mama wa kila asubuhi. Alijaribu kuyasikia tena na hakuyapata. Alichopata ni mwanamke mmoja Kathonzweni, amekaa na maneno yake kwenye nyumba ile ile, akinywa chai Krismasi, akiongea habari za mbaazi. Alikuwa amedhani upweke ule ni wake peke yake.

"Ndinda angekuwa na miaka thelathini na sita," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina. Akalitaja tena, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Daud aliingia kuchukua televisheni, akawaona, akatoka tena. Jenereta ikazimwa. Syokau akasogea, akaijaza ile nafasi ya mtu mmoja, nao wakabaki kwenye benchi, bila chai na bila habari ya mbaazi, hadi mlinzi wa kanisa alipokuja kuomba afunge.